Mwajiri kakuandikia kuna karatasi zimekosekana, usimjibu "nitaleta wiki ijayo"

Mimi nilishajibu hivyo kabisa. Watu wa utumishi waliniandikia faili langu lina upungufu, nikaandika haraka haraka "sawa, nitaleta wiki ijayo", nikaona nimemaliza. Yule dada aliyekuwa anashughulikia faili langu akaelewa Jumatatu, mimi kichwani nilikuwa na Ijumaa. Jumatano akanipigia, sauti yake tu ilionyesha kachoka, kwa sababu bila ile karatasi jina langu haliwezi kuingia kwenye mishahara ya mwezi ule na yeye alikuwa ananisubiri mimi tu. Mshahara wa kwanza nikaupata mwezi uliofuata.

Kazi iliyofuata yakanikuta yale yale, ila safari hii nilijua cha kufanya. Imeili iliingia Jumatatu tarehe 4, wanataka vitu vitatu: nakala ya cheti cha chuo iliyogongwa muhuri wa wakili, fomu ya akaunti ya benki, na barua ya uthibitisho kutoka kwa mwajiri wangu wa zamani. Mwisho ni Ijumaa tarehe 15. Fomu ya benki nilikuwa nayo, cheti ni kwenda kwa wakili na kurudi, lakini ile barua haikuwa mikononi mwangu na hapo ndipo watu wengi tunapoumia, tunaahidi siku ya kitu ambacho anakitoa mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla sijaandika chochote nilipiga simu ofisi ya zamani asubuhi ya Jumanne, nikauliza barua inachukua muda gani, wakasema siku 5 za kazi tangu wapokee maombi. Nikatuma maombi saa ile ile. Sasa hesabu: unaanza Jumatano tarehe 6, halafu 7, 8, unaruka Jumamosi na Jumapili, 11, 12. Barua itatoka Jumanne tarehe 12. Nikaweka siku moja ya kuifuata na siku moja ya akiba maana mwenye kusaini anaweza kuwa safarini, nikafika Alhamisi tarehe 14. Hiyo ndiyo nikaahidi, siyo tarehe 12. Ukiahidi siku ya kwanza kabisa inayowezekana, kitu kidogo tu kikikwama umeshavunja ahadi.

Jibu lilitoka Jumanne ile ile mchana, nilibonyeza kujibu kwenye imeili yao ile ile ili kumbukumbu namba na maelezo yao yabaki chini, sikuanzisha mpya. Niliandika hivi:

"Habari za mchana. Nimepokea imeili yenu ya Jumatatu tarehe 4 kuhusu nyaraka tatu zinazokosekana kwenye faili langu. Fomu ya benki nimeiambatanisha hapa. Nakala ya cheti yenye muhuri nitaituma kesho Jumatano tarehe 6 kabla ya saa 10 jioni. Barua ya mwajiri wa awali nimeiomba leo, uthibitisho wa maombi nimeuambatanisha, na nitaileta ofisini kwenu Alhamisi tarehe 14 kabla ya saa 6 mchana. Kama mnahitaji nakala halisi ya cheti pia, naomba mnijulishe. Asante."

Angalia kila karatasi ina siku yake. Ukizifunga zote kwenye tarehe moja basi ile inayochelewa inazishikilia na zilizo tayari, na afisa anaona hujaleta kitu. Na lile neno jioni msilidharau jamani, ukiandika "saa 4" peke yake mwingine anasoma saa nne asubuhi, mwingine aliyezoea saa za kizungu anasoma saa kumi. Jina la siku na tarehe viandike vyote viwili, halafu fungua kalenda uhakikishe vinalingana, kwa sababu "Alhamisi tarehe 15" inamwacha msomaji hajui ashike kipi.

Kabla ya kutuma fungua kila kiambatisho ukisome mwenyewe. Muhuri uonekane wote, pembe za karatasi zisikatwe, na faili lipe jina linaloeleweka, jina lako na aina ya karatasi. Na kama jina kwenye cheti ni tofauti na la kwenye kitambulisho, hata herufi moja, sema kwenye jibu lako hilo hilo, uliza wanataka kiapo cha majina au hapana. Ukisubiri waligundue wenyewe wataomba karatasi nyingine na tarehe yako imekufa.

Kwangu ile barua Jumanne haikutoka. Nikawapigia saa 9 alasiri, wakaniambia itakuwa tayari Jumatano jioni. Ile siku ya akiba ikanibeba, mwajiri mpya sikumwandikia chochote maana ahadi ilikuwa bado nzima. Lakini wangeniambia Ijumaa, ningemwandikia palepale Jumanne, nimpe tarehe mpya na sababu kwa sentensi mbili, siyo nisubiri Alhamisi ipite. Alhamisi saa 4 asubuhi nilikuwa pale mapokezi, nikakabidhi barua, nikaomba wanigongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu.