RBG 9.4 na herufi H pembeni: karatasi ya sukari husomwaje?

*"Wakuu, mama yangu ana miaka 58. Jana mchana alipimwa sukari na karatasi imeandikwa RBG 9.4 mmol/L, pembeni kuna herufi H, na kiwango kimeandikwa 3.9–6.1. Jirani yetu naye alipima hospitali nyingine akapata 97 na akaambiwa yuko sawa. Sielewi 97 iwe sawa halafu 9.4 iwe juu. Mama amekwisha kuogopa, tangu jana hali wali wala ugali. Hicho ni kisukari?"*

Ndugu, nimefanya kazi katika maabara ya hospitali kwa miaka 13, na karatasi kama hiyo ya mama nimeitoa kwenye printa mara nyingi kiasi kwamba naweza kukisia alikula nini kabla ya kuja. Nianze na hiyo 97 ya jirani, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Sukari ya damu huandikwa kwa vizio viwili. Kimoja ni milimoli kwa lita, ambacho kwenye karatasi huonekana kama mmol/L. Kingine ni miligramu kwa desilita, yaani mg/dL, na hospitali huchagua kimoja kulingana na mashine iliyonunuliwa na jinsi ilivyopangwa. Ukitaka kutoka mg/dL kwenda mmol/L, gawanya kwa 18. Ukitaka kurudi, zidisha kwa 18. Kwa hiyo 97 ya jirani ni sawa na 5.4 ya kwenu, na 9.4 ya mama ingeandikwa 169 kwenye karatasi ya jirani. Namba isiyo na kizio mbele yake usiijadili na mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye herufi H, ambayo ndiyo iliyomnyima mama chakula. Herufi hiyo haiandikwi na daktari. Huwekwa na mfumo wa kompyuta baada ya kulinganisha namba mbili tu, jibu lililotoka kwenye mashine na kiwango kilichoingizwa na fundi siku mfumo ulipofungwa. Jibu likizidi kiwango huwekwa H, likipungua huwekwa L. Mfumo haujui kama mgonjwa amekula. Na kiwango hicho cha 3.9–6.1 mlichoandikiwa ni cha mtu ambaye hajala, lakini katika maabara nyingi, pamoja na niliyofanyia kazi mimi, kilibandikwa kwenye kila kipimo cha sukari bila kujali saa. Nililalamikia jambo hilo miaka miwili kabla halijarekebishwa. Kwa hiyo mtu aliyekunywa chai ya sukari na chapati mbili, akapimwa baada ya saa moja, anaweza kabisa kupewa H hali mwili wake unafanya kazi yake kama kawaida.

Hapo ndipo maneno ya mwanzoni mwa karatasi yanapopata uzito, kwa sababu yanaeleza damu ilitolewa lini ukilinganisha na chakula. RBG, au RBS, au neno RANDOM, maana yake damu imechukuliwa wakati wowote bila kujali mlo. FBG, FBS au FASTING ni sukari ya mtu aliyefunga kula kwa saa nane au zaidi, akaruhusiwa maji matupu tu. Chai ya rangi isiyo na sukari nayo iachwe. Kifupisho cha 2HPP au PPBG ni sukari ya saa mbili baada ya kula, na saa hizo huhesabiwa tangu tonge la kwanza, si tangu kunawa mikono. Wengi hukosea hapo, wakaja baada ya saa moja wakati sukari iko kileleni.

Tumtazame mama basi. Kipimo chake ni RBG, na RBG peke yake huthibitisha kisukari ikifika 11.1 au zaidi kwa mtu mwenye dalili zilizo wazi, kama kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku na kupungua uzito bila sababu. 9.4 haijafika huko. Lakini sitakudanganya kwamba haina maana, kwa kuwa mtu mzima asiye na tatizo, saa mbili baada ya mlo, kwa kawaida huwa amekwisha kushuka chini ya 7.8. Kama mama alikuwa amekula nusu saa au saa moja kabla, 9.4 haishangazi sana. Kama alikula asubuhi tu na damu ikatolewa saa nane mchana, namba hiyohiyo inanitia wasiwasi zaidi. Muulize saa aliyokula, kwa sababu karatasi haikuiandika.

Hatua inayofuata ni FBG ya asubuhi. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, 7.0 na kuendelea ni kiwango cha kisukari, na kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni eneo la katikati ambalo si kisukari bado lakini si salama. Kama hana dalili, 7.0 moja haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Hurudiwa siku nyingine. Na kabla ya siku hiyo ale kama anavyokula siku zote, wali na ugali vikiwemo, kisha afunge usiku mmoja tu. Akijinyima wiki nzima, mtapima wiki ya kujinyima badala ya kumpima mama.

Jambo moja ambalo karatasi haionyeshi kabisa ni safari ya damu yenyewe. Chembe za damu zikiwa ndani ya tyubu huendelea kula sukari, na katika joto la kawaida la chumba hupunguza takribani asilimia 5 hadi 7 kila saa. Nakumbuka mzee mmoja aliyekwisha kutumia dawa za kisukari kwa muda, ambaye glukomita ya kidoleni ilimsomea 7.6 saa moja asubuhi. Damu ya mshipani ilichukuliwa dakika hizohizo, ikawekwa katika tyubu ya kifuniko chekundu, umeme ukakatika, na tukaja kuizungusha na kuitenganisha saa saba mchana. Jibu likatoka 5.2, bila herufi yoyote pembeni. Mzee alifurahi, na mimi nilimfuata hadi nje kumwomba arudi kesho yake. Glukomita huweza kupishana na mashine kubwa kwa asilimia 15 hivi, lakini tofauti ile ilipita hapo, na saa sita za kusubiri zilitosha kuieleza. Ndiyo maana sampuli ya sukari huwekwa katika tyubu ya kifuniko cha kijivu, yenye floraidi inayozuia ulaji huo, ingawa nayo haifanyi kazi papo hapo. Mkienda, angalieni rangi ya kifuniko, na kama karatasi ina saa ya kuchukua sampuli na saa ya kupima, linganisheni.

Mama akianza kutapika, kupumua kwa nguvu au kulegea na kusinzia ovyo, msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Vinginevyo, mkipata FBG, weka hapa namba na kizio chake, saa aliyokula mara ya mwisho na saa aliyotolewa damu, nami nitaisoma.