Miaka mitano si yako, ndugu yangu

"Dada, nilirudishwa Mombasa Machi 2022. Mke wangu ni raia wa Marekani, yuko huko na mtoto wetu. Huku naambiwa miaka mitano ikiisha jina linafutika lenyewe, na kuna jamaa anataka laki mbili alisafishe mapema. Nimpe?"

Usimpe hata shilingi. Jamaa huyo atakutafutia pasipoti mpya, na alama zako za vidole zitakuwa zile zile. Fomu ya viza itakuuliza kama uliwahi kufukuzwa. Ukijibu hapana ni udanganyifu, na huo ukomo wake ni kaburini.

Hiyo miaka mitano ni ya aliyegeuzwa pale pale uwanja wa ndege. Wewe uliingia kwa viza ya utalii, ukazidisha muda kwa miaka, ukasimama mbele ya jaji akaamuru utolewe. Yako ni kumi. Tafuta ile karatasi uliyopewa ulipokuwa ukiondolewa, I-294, uangalie kisanduku kipi kimetiwa alama. Aliyetolewa mara ya pili ni 20. Na hesabu haianzi siku jaji aliposema, inaanza siku ulipotoka, kwa hiyo wewe ni mpaka Machi 2032. Tunza muhuri wa kuingia nyumbani, ndio ushahidi wa tarehe hiyo.

Kuna marufuku ya pili ambayo watu hawaisemi: kukaa bila kibali zaidi ya mwaka mmoja kisha ukaondoka, nayo ni miaka kumi. Zinakwenda sambamba, lakini kila moja ina mlango wake. Kwa kule kutolewa unaomba ruhusa kwa fomu I-212. Kwa kule kuzidisha muda ni I-601. Kwanza mkeo awasilishe I-130, ombi la kukutambua kama mumewe, ikubaliwe, uende usailiwe ubalozini, wakukatalie rasmi. Hapo ndipo unapeleka zote mbili pamoja. Au subiri 2032, na kama huna doa jingine hutahitaji kuomba ruhusa yoyote kati ya hizo mbili. Mimi ningesubiri. Lakini mtoto wako hasubiri, basi omba.

I-212 wanapima mizani: ulitolewa kwa nini, umekaaje tangu hapo, una familia gani. Cheti cha tabia njema cha polisi, barua ya mwajiri wako, risiti za pesa ulizomtumia mtoto, hata kama ni kidogo. I-601 ndiyo inayochubua. Huko hawaulizi shida zako. Wanauliza mkeo anateseka kiasi gani, na wanataka mateso yanayozidi yale ya kawaida ya watu kutengana. Mtoto peke yake hatoshi kisheria, mateso yake yanahesabiwa yanapomwangukia mama yake.

Mume wangu alitolewa kama wewe. Mara ya kwanza niliandika ukurasa mmoja: nampenda, namkosa, kodi ni kubwa. Wakajibu kwamba hiyo ni hali ya kawaida, tulete ushahidi zaidi. Nilikaa mezani Columbus, huku Marekani, baada ya zamu ya usiku ya kuogesha wazee, nikatandaza notisi ya kukatiwa stima, hati za mshahara za zamu mbili, barua ya shule kwamba mtoto anachelewa kuchukuliwa, ripoti ya mtaalamu wa saikolojia inayosema silali na ninatumia dawa gani. Tarehe zilifuatana tangu mwezi alioondoka. Nikaeleza pia kwa nini siwezi kuhamia Kenya: matibabu ya mama yangu mkwe, ninayemtunza mimi. Jioni ile ile mama yangu mzazi alipiga simu kutoka Likoni, nikamwambia, "Salama, mama, tunakula vizuri."

Ndio sababu nakasirika nikisikia habari za kusafisha jina. Faili zuri linataka yale yale tunayowaficha nyinyi. Mkeo akiendelea kukwambia yuko sawa, na barua yake itaonyesha yuko sawa, na watakataa.

Kuna mwingine atakwambia upite Brazili mpaka Meksiko uingie kwa miguu. Ukishikwa, unakaa nje miaka kumi kabla hata ya kuruhusiwa kuomba, na kuingia hivyo baada ya kufukuzwa ni kosa la jela.

Hizi fomu mtu anaweza kuzijaza mwenyewe, mimi nilijaza. Wewe usijaze, mtafutie mkeo wakili wa uhamiaji mwenye leseni huko aliko, hizo laki mbili zianzie hapo. Na leo usiku usimuulize hali. Muulize daktari alimwambia nini mara ya mwisho, na karatasi aliiweka wapi. Atakasirika kwanza.

Barua yangu ilikubaliwa. Nakala iko kwenye sanduku la nguo, na mume wangu, aliyerudi kwa sababu ya barua hiyo, hajawahi kuisoma.