ESP32 haitoi COM kwenye Windows

"Nimeweka draiva mara tatu lakini ESP32 bado haionekani, hakuna COM yoyote. Mtu mmoja kaniambia nishike kitufe cha BOOT. Tatizo nini?"

Ndugu, fungua Device Manager, uchomoe bodi na kuichomeka tena huku ukitazama. Kusipobadilika chochote, jaribu kwanza waya mwingine, kwani nyaya nyingi za simu ni za kuchaji tu, hazipitishi data. Mimi waya kama huo ulinipotezea siku nzima.

Ikitokea alama ya njano chini ya Other devices, soma jina lake. CP2102 inataka draiva ya Silicon Labs. USB Serial mara nyingi ni CH340, nayo inataka ya WCH; hakikisha kwa kusoma chipu karibu na tundu la USB.

Aliyesema ushike BOOT yuko sahihi nusu: husaidia COM ikishaonekana, upakiaji ukikwama kwenye `Connecting...`.