Kucheki VAT kwenye skrinishoti ya ankara ya sapulaya: senti zipi uziache, zipi uzirudishe

Wadogo zangu mlioanza kazi uhasibu juzi juzi, hii ni ya nyie mnaotumiwa ankara WhatsApp, picha tu, afu bosi anasema ingiza kwenye mfumo. Naongelea Tanzania Bara, VAT ya kawaida 18%.

Kitu cha kwanza, kabla hujagusa kalkuleta, angalia bei za kwenye mistari zina VAT ndani au hazina. Hapa ndo wengi mnapotea, maana sapulaya anaweza akaandika bei ya dukani kwenye mistari (yenye VAT tayari) halafu chini akatenganisha, na picha ikikatwa juu huoni hata kichwa cha kolamu. Njia rahisi ya kujua ni kujumlisha mistari yote, ukipata jumla kuu ya mwisho basi VAT imo ndani, ukipata ile jumla ya kabla ya VAT basi haimo. Usipopata yoyote, kuna mstari umekatwa kwenye picha au kuna diskaunti hujaiona au kuna tarakimu umeisoma vibaya, 3 na 8 zinafanana sana picha ikiwa imefifia, so omba PDF, usikisie.

Tuchukue mfano. Rimu za karatasi 7 kwa 13,000, tona 3 kwa 85,000, boksi za bahasha 12 kwa 4,500. Mistari ni 91,000, 255,000 na 54,000, jumla 400,000, VAT ndani. Kutoa VAT iliyomo ndani unazidisha kwa 18 unagawa kwa 118:

```
=ROUND(400000*18/118,2)
```

Inakuja 61,016.95, na kabla ya VAT ni 338,983.05.

Sasa sapulaya huyo huyo mfumo wake unaandika bei bila VAT kwa kila kimoja. Rimu moja inakuwa 11,016.949 na kuendelea, mfumo unairaundi iwe 11,016.95 ndo unazidisha kwa 7, unapata 77,118.65 badala ya 77,118.64. Tona inatoka 216,101.70, bahasha 45,762.72, zote kwa pamoja 338,983.07. Ukiongeza 18% jumla kuu inasoma 400,000.02. Senti mbili hizo hajakuibia mtu, zimezaliwa kwenye kuraundi bei ya kimoja kimoja kabla ya kuzidisha.

Na ukikuta VAT imepigwa mstari kwa mstari, utaona 13,881.36, 38,898.31 na 8,237.29, jumla 61,016.96, wakati ukipiga 18% kwenye jumla nzima ni 61,016.95. Zote mbili ni hesabu sahihi, zimeraundiwa sehemu tofauti tu.

Ila senti zina mpaka wake, na huu mpaka ndo nataka muushike. Kuraundi mara moja kunapoteza nusu senti, sio zaidi. Bei ya kimoja ikiraundiwa, nusu senti inazidishwa kwa idadi ya vitu, hapa vitu 22, kwahiyo tofauti kubwa kabisa kabla ya VAT ni senti 11. VAT ikiraundiwa kwa mstari, mistari 3 haiwezi kuzidi senti moja na nusu. Ukiona tofauti ya shilingi 40 kwenye ankara kama hii usiiite raundi, kuna bei au idadi haiko sawa.

Kosa kubwa ninalokutana nalo sana ni mtu kupiga 18% juu ya bei ambayo tayari ina VAT. Kwenye mfano wetu ataandika VAT 72,000 na kabla ya VAT 328,000, jumla bado 400,000, na kwa macho inaonekana safi kabisa. Gawa VAT kwa kiasi cha kabla ya VAT: 72,000 kwa 328,000 inakuja karibu 21.95%, wakati inatakiwa 18%. Hapo VAT imezidi kwa 10,983.05, ukiidai hivyo umedai kodi isiyokuwepo. Hii gawa ifanyeni kwa kila ankara yenye bidhaa za 18% tupu, inachukua sekunde chache. Kama kuna bidhaa iliyosamehewa kodi, itoe kwanza ndo ugawe, la sivyo asilimia itashuka na utamlaumu sapulaya bure.

Senti zikiwa ndani ya mpaka, usimrekebishie sapulaya VAT yake ili ifanane na Excel yako. Ingiza kama ilivyo kwenye risiti ya EFD, zinazobaki zipeleke akaunti ya tofauti za senti. Na skrinishoti peke yake haitoshi kudai VAT, lazima risiti ya EFD iwepo, kwahiyo chukua namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti, iingize verify.tra.go.tz pamoja na muda wa risiti, halafu linganisha TIN, VRN, tarehe na kiasi cha VAT na kile kilichopo kwenye picha. Ankara ikisema 72,000 na risiti ikisema 61,016.95, mrudishie sapulaya atoe ankara upya, msilipe kwanza.