Visanduku badala ya Kichina kwenye PDF

"Orodha yangu ya maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kichina naiandika kwa LibreOffice. Nikitoa PDF, Kichina ni visanduku vitupu. Kosa liko wapi?"

— Hifadhi kwa UTF-8, basi.

— Hapo umepatia nusu, ndugu. UTF-8 ingekuwa tatizo, ungeona takataka: م ingetokea Ù… badala ya kisanduku. Kisanduku maana yake msimbo umefika salama ila fonti haina umbo la herufi hiyo. Weka Noto Serif CJK SC kwenye kompyuta. Kisha fungua Format > Character: kuna nafasi tatu za fonti, Kiswahili kipe Noto Serif, Kichina hiyo ya CJK, Kiarabu Noto Naskh Arabic. Wengi hubadilisha ya kwanza tu. Toa PDF upya, halafu kwenye terminal andika:

```
pdffonts orodha.pdf
```

Chini ya `emb` kila mstari usome `yes`, yaani fonti imo ndani ya PDF, la sivyo simu ya mwenzako itabahatisha fonti.

— Kwangu Kiarabu ndicho kibovu, herufi zimeachanachana na zinasomeka kinyume. Natumia skripti niliyoiandika mwenyewe kutoa PDF.

— Hilo jingine kabisa. Skripti yako haiungi herufi wala haizipangi kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa kuunga, inatumia maktaba ya HarfBuzz?