Sa 2½ na mikroni 160: kwa wanaoanza kutafsiri masharti ya rangi ya chuma

Wadogo zangu mnaoanza kupokea kazi hizi hapa Mtwara, iwe za bandarini au za mitambo ya gesi ya Madimba, mkumbuke kwamba tafsiri yenu haiishii mezani. Msimamizi anaisoma akiwa na kipimo mkononi, halafu anakubali kazi au anamwambia fundi akwangue rangi yote aanze upya. Mimi nitasema juu ya mambo mawili tu, usafi wa chuma na unene wa rangi, kwa kuwa ndiyo yanayoleta ugomvi mwingi.

Madaraja ya usafi yamo kwenye kiwango cha ISO 8501-1. Herufi Sa ni kwa chuma kilichosafishwa kwa kupigwa mchanga au chembe nyingine kwa mgandamizo wa hewa, na St ni kwa kilichosafishwa kwa brashi ya waya, msasa au grainda. Alama zenyewe usizitafsiri, ziache zilivyo. Ukishanakili kutoka kwenye faili, rudi uziangalie, maana ½ hugeuka ikawa "Sa 21/2", au nusu ikapotea kabisa ikabaki Sa 2, na hilo ni daraja jingine.

Kinachotafsiriwa ni maelezo yake. Hapo wengi huandika kwa Sa 2½ kwamba chuma "king'ae kabisa bila doa". Hapana. Daraja hilo linataka mafuta, uchafu, kutu, rangi ya zamani na lile gamba jeusi la kiwandani viondoke, lakini linaruhusu vivuli hafifu vya madoa au michirizi. Chuma chenye rangi moja ya metali kote ni Sa 3. Ukiandika la Sa 3 mahali pa Sa 2½, fundi atapiga mchanga muda mrefu bila sababu, na kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, sehemu aliyoisafisha asubuhi inaweza kuanza kuota kutu huku bado anahangaika na madoa ya upande wa pili.

Sasa unene. Tuchukue viunzi vya kushikilia bomba. Masharti yanasema rangi ya epoksi ikikauka iwe na unene wa "nominal" wa mikroni 160, na upimaji ufuate ISO 19840. Mtafsiri mgeni huandika "unene usipungue mikroni 160". Sentensi inasomeka vizuri, ila imebadilisha mkataba. Katika kiwango hicho, 160 ni unene lengwa, na una masharti yake: wastani wa vipimo vyote ufikie 160, pasiwepo kipimo chini ya asilimia 80 ya lengo, yaani 128, vilivyo kati ya 128 na 160 viwe pungufu ya asilimia 20 ya vipimo vyote, na kisiwepo kinachozidi upeo uliowekwa.

Tuseme msimamizi amepima mahali 20. Kumi na saba ni kati ya 165 na 210, ambavyo havijavuka upeo, na vitatu vilivyobaki ni 150, 142 na 135. Wastani umepita 160, hakuna kilicho chini ya 128, na vitatu kati ya 20 ni asilimia 15. Kazi imepita. Kwa tafsiri ya "usipungue", sehemu hizo tatu zinakataliwa bure. Na mwingine akiandika "wastani uwe 160" akaishia hapo, kipimo cha 110 kitajificha nyuma ya vile vya 210, kutu ianze mahali hapohapo. Kwa hiyo mimi huandika "unene lengwa", na mara ya kwanza naweka masharti yote manne kama asili inavyoelekeza. Asili ikisema kiwango cha chini, hapo ndipo "usipungue" inapofaa.

La mwisho, usiandike "unene" peke yake. Kuna unene wa rangi mbichi, ambao fundi anaupima papo hapo kwa kichana cha kupimia, na kuna wa rangi iliyokauka. Kama kopo linasema asilimia 80 ya ujazo ndiyo inayobaki baada ya kukauka, mikroni 160 zilizokauka zinahitaji 200 mbichi. Akiongeza thina asilimia 5 ya ujazo, anahitaji 210. Jedwali likisema "unene 160" bila neno la pili, anaweza kupaka 160 mbichi, akabaki na 128 iliyokauka, au karibu 122 kama alitia thina. Andika neno hilo kwenye kila safu ya jedwali, hata kama asili imelitaja kwenye kichwa tu.