Kutoka daftari la mhadhara hadi mchoro wa safu: belo 20 za unga, Mokowe mpaka Shela

Mhadhara wa mnyororo wa ugavi ukiisha, daftari la mwanafunzi mgeni huwa na mstari kama huu: "Mahitaji yanatambuliwa, ombi linaandikwa, linaidhinishwa, agizo linatolewa, bidhaa zinasafirishwa, zinapokelewa, zinakaguliwa, ankara inalinganishwa, malipo yanafanywa." Yote ni kweli, na mtihani utaupita. Ila ukiambiwa uchore mchoro wa safu, utakwama palepale, kwa sababu katika vitenzi vyote hivyo hakuna hata kimoja chenye mtu.

Mchoro wa safu ni karatasi iliyogawanywa safu za kulala, kila safu ya mhusika mmoja, kama bwawa la mashindano linavyogawanywa kwa kamba ili kila mwogeleaji abaki kwenye njia yake. Kazi unaiweka kwenye safu ya anayeifanya, na mshale unaonyesha inakokwenda baada ya hapo. Kwa hiyo kabla hujashika rula, rudi kwenye daftari, pigia mstari kila kitenzi, na pembeni yake ujibu maswali mawili: nani anafanya, na akimaliza anamkabidhi nani kitu gani. Usipopata jibu, acha nafasi wazi uweke alama ya kuuliza. Wengi hujaza nafasi hizo kwa kukisia ili mchoro upendeze. Mimi naziona hizo alama za kuuliza kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Hoteli moja ya Shela, kisiwani Lamu, inaagiza belo 20 za unga wa ngano kutoka kwa mwuzaji wa jumla wa Mombasa. Belo moja ni pakiti 12 za kilo mbili mbili. Tuseme kwa hesabu yetu belo ni shilingi 2,000, jumla 40,000.

Upande wa hoteli safu ni rahisi kuzipata: jikoni, stoo, ununuzi, meneja, uhasibu. Andika cheo, usiandike jina la mtu, maana aliyepo leo huenda mwezi ujao akahamia Malindi na mchoro ukawa wa uongo. Mpishi mkuu anaona unga unapungua, anajaza ombi. Mtu wa stoo anaangalia kilichobaki na kuthibitisha. Meneja anaidhinisha. Karani wa ununuzi anaandika hati ya agizo, ile ambayo ofisini huitwa elpio, na kuituma Mombasa. Hapa mhadhara na maisha vinakwenda sambamba, na sina zaidi la kusema.

Tatizo linaanzia kwenye "zinasafirishwa, zinapokelewa". Mhadhiri hakukosea. Ghala analolifikiria yeye lina mlango, na lori linasimama mlangoni. Lori letu linatoka Mombasa, linapita Malindi, Garsen na Witu, na safari yake inaishia Mokowe, bara. Kutoka hapo unga unapakiwa kwenye boti, unavuka hadi Shela, unashushwa, kisha unapanda punda kupita vichochoroni hadi stoo. Yaani "zinapokelewa" moja ya daftari ni makabidhiano matatu: lori kwa boti, boti kwa mwenye punda, mwenye punda kwa stoo. Ukichora kisanduku kimoja tu kilichoandikwa "pokea mzigo", belo zikipungua hutajua zimepungulia wapi, na kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

Basi ongeza safu tatu nje ya hoteli: dereva wa lori, nahodha wa boti, mwenye punda. Pamoja na ya mwuzaji zinakuwa nne. Katika kanuni za uchoraji zinazotumika sana, ziitwazo BPMN (toleo la 2.0 lilitoka 2011), wahusika wa taasisi moja hukaa ndani ya fremu moja, na wa nje kila mmoja hupewa fremu yake. Mshale wa kazi ndani ya fremu ni mstari mzima. Unaovuka kutoka fremu moja hadi nyingine ni wa mstari unaokatikakatika na hubeba ujumbe au hati. Wanafunzi wengi huona huu ni urembo tu. Lakini mstari unaokatikakatika unakukumbusha kwamba aliye upande wa pili humwamrishi, unaweza kukubaliana naye tu. Meneja wa hoteli anaweza kumwagiza mtu wake wa stoo ahesabu mara mbili. Lakini meneja hawezi kumwagiza nahodha hivyo, isipokuwa wamepatana kabla.

Sasa nenda ukawaulize wenyewe. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi kwetu nilimtuma gatini akamwulize nahodha swali lilelile la daftari.

"Shikamoo mzee. Ukishapakia unga hapa Mokowe, ile hati ya mzigo unapewa wewe?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nabeba mzigo, sibebi makaratasi. Karatasi anayo dereva."

"Na dereva anampa nani?"

"Anarudi nayo. Si ndiyo anayolipiwa?"

Jibu hilo lina thamani kuliko kurasa tatu za daftari. Hati ya mwuzaji inayosema belo 20 inatiwa saini Mokowe na mtu yeyote aliyesimama karibu, kisha inarudi Mombasa na lori. Unga unavuka bahari bila karatasi. Mtu wa stoo Shela anapokea mzigo asioujua idadi yake, anaandika alichokiona. Mzigo na hati vimeachana njia, na mhadhara haukuweza kukuonyesha hilo kwa sababu darasani vitu hivyo viwili husafiri pamoja siku zote. Ndiyo maana nawaambia wageni wachore mishale ya aina mbili, mmoja wa mzigo na mmoja wa hati, kwa kalamu za rangi tofauti. Rangi hizo zinapotengana, weka duara jekundu hapo.

Twende na belo zetu. Stoo wanahesabu belo 19, na mojawapo imelowa maji ya chumvi. Wanakubali 18. Hapa panahitajika kisanduku cha almasi, kile cha uamuzi, na swali lake liwe la ndiyo au hapana: "Idadi na hali vinalingana na agizo?" Ndiyo inakwenda kwenye hati ya kupokea mzigo. Hapana nayo lazima iwe na mahali pa kwenda. Almasi yenye mlango mmoja ndiyo alama ya haraka ya kumtambua aliyechora bila kuelewa, kwa kuwa kachora siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Njia ya "hapana" kwa hoteli yetu ni hii: mtu wa stoo anaandika pungufu na kilicholowa, mwenye punda anatia saini kama shahidi, picha inapigwa, taarifa inamfikia karani wa ununuzi siku hiyohiyo, naye anamjulisha mwuzaji. Hati ya kupokea inaandikwa belo 18, siyo 20.

Wiki ijayo ankara inafika kwa mhasibu: belo 20, shilingi 40,000. Kazi yake ni kulinganisha hati tatu, yaani agizo, hati ya kupokea na ankara. Agizo linasema 20, ankara 20, hati ya kupokea 18. Hazilingani, kwa hiyo halipi 40,000. Anaomba hati ya kupunguza deni ya 4,000, au analipa 36,000 kwa makubaliano. Mwuzaji naye anatoa ile hati yake ya Mokowe yenye saini: belo 20 zilipokelewa salama. Na ana haki. Kama agizo lilisema bei inaishia Mokowe, basi kilichopotea au kulowa baada ya hapo ni hasara ya hoteli.

Tazama mchoro ulivyokupeleka. Suala la shilingi 4,000 za mhasibu linatatuliwa na kisanduku kilichokosekana huko nyuma: mtu wa kuhesabu kwa niaba ya hoteli pale Mokowe, kabla mzigo haujapanda boti. Inahitajika safu mpya, "mpokeaji wa Mokowe", anayehesabu na dereva, anatia saini, anabaki na nakala, na nakala hiyo inavuka na boti. Akiandika 20 na Shela zikafika 19, pengo liko majini au gatini. Akiandika 19, pengo liko kwenye lori au Mombasa. Huyo si lazima awe mwajiriwa. Wenye maduka ya Lamu wengi wana mtu wao wa bara wanayemlipa kwa kila mzigo.

Ukimaliza, kagua mchoro kwa kulifuata belo moja kwa kidole kutoka Mombasa hadi jikoni, kisha hati moja kutoka kwa mwuzaji hadi kwenye faili la mhasibu. Kidole kikifika mahali hakuna mshale wa kutoka, kuna mtu hukumwuliza. Angalia pia safu moja isiwe inaagiza, inapokea na kulipa. Mkaguzi ataliona hilo kabla ya kusoma chochote kingine, na katika hoteli ndogo hutokea sana kwa sababu karani ni mmoja. Na neno "kuhakikisha" likitokea ndani ya kisanduku, lifute. Andika anahesabu nini, dhidi ya karatasi ipi.

Anza kwa penseli na vikaratasi vya kubandika, kwa sababu utahamisha visanduku mara nyingi. Ukiridhika ndipo uingie kwenye programu ya kuchorea ya draw.io, ina safu tayari unazivuta tu. Mchoro usiozidi ukurasa mmoja unasomeka. Ukizidi, kata sehemu ya Mokowe hadi stoo uifanye mchoro wake.

Jambo moja mchoro huu hautakuonyesha ni muda. Mshale wa kutoka boti hadi punda una urefu uleule maji yakijaa au yakipwa, ilhali maji yakipwa boti yenye mzigo mzito hukaa mbali na ufuo, na wapagazi hubeba belo mabegani wakipita majini. Belo letu lililowa hapo. Kwa hiyo pembeni mwa mshale huo andika kwa herufi ndogo: "Kushusha mzigo maji yakijaa, karani wa ununuzi apange saa na nahodha siku moja kabla." Na hiyo, kama umeona, ni kazi mpya yenye mwenyewe: ipe kisanduku kwenye safu ya ununuzi.